Uzoefu wangu na ReActor: kumpa kila mtu sura yake kwenye picha ya ukoo

Picha yetu ya harusi ina watu tisa, watano wameketi mbele na wanne wamesimama nyuma. Shangazi, binamu na bibi walifumba macho. Nilikuwa na picha zao nyingine za siku ileile wakiwa macho wazi, nao wakaridhia nizitumie, basi nikawabandika sura hizo kwa ReActor, kiongezi cha kubadilisha sura kinachofanya kazi ndani ya ComfyUI, programu ya kutengeneza picha kwa akili bandia.

Programu hii haijui nani ni nani. Inajua namba tu, na inaanzia 0. Kwenye nodi ya ReActorOptions mpangilio wa kawaida wa kuhesabu sura ni `large-small`, yaani sura kubwa ndiyo ya kwanza. Kwa picha ya kundi unachosha, maana sura zinakaribiana ukubwa. Nikaweka `left-right`. Hapo ndipo penye mtego: haihesabu safu ya mbele kwanza kisha ya nyuma. Inafuata ukingo wa kushoto wa kila sura, kwa hiyo wa nyuma wanaingia katikati ya wa mbele: wa mbele 0, wa nyuma 1, wa mbele 2, na kuendelea.

Ukutani palikuwa na picha ya Rais kwenye fremu, nayo ikahesabiwa kuwa mtu, namba 3. Kila aliye kulia kwake akasogea namba moja. Binamu akawa 4, shangazi 5, bibi 9. Picha za chanzo, zile za macho wazi, niliziunganisha ziwe moja pana, shangazi kushoto, binamu katikati, bibi kulia, nazo nikazipangia `left-right` vilevile. Nikaandika:

```
input_faces_index: 5,4,9
source_faces_index: 0,1,2
```

Namba zinaoana kwa zamu: ya kwanza juu na ya kwanza chini. Ukiandika chanzo kimoja tu, sura hiyohiyo inabandikwa kwa wote uliowataja.

Njia ya kuhakiki ninayoiamini ni kuchukua sura ya mwanamume mwenye ndevu nyingi na kuijaribu kwa namba moja moja. Utaona mara moja imetua kwa nani. Namba ikikosa mwenyewe, kuna sura haikuonekana kabisa, kwa kawaida ya mtu aliye mbali, kwa sababu picha hupunguzwa hadi pikseli 640 kabla ya kutafutwa sura. Ikate picha vipande, ufanye kila kipande peke yake.

FaceFusion, programu nyingine ya kubadilisha sura, nayo nimeijaribu. Ukichagua `reference` unabofya sura unayoitaka, hakuna kuhesabu, na kwa kundi lililobanana inatuliza moyo. Ila ukiipa picha za watu watatu kwa pamoja inazichanganya kuwa sura moja ya wastani, hivyo unafanya mtu mmoja, unahifadhi, unaendelea na mwingine. Ndugu wanaofanana sana wanaweza kubadilishwa pamoja. Ukipunguza `reference-face-distance` inakuwa kali zaidi.

Kwa watu watatu nabaki na ReActor. Sura ya bibi, aliyekaa karibu na kamera, ilitoka na ukungu kidogo kwa kuwa modeli ya `inswapper_128` hutoa pikseli 128 kwa 128, nikaisafisha kwa GFPGAN, modeli ya kurekebisha sura zenye ukungu.