Siku moja ya ziada: uzoefu wangu na kiolezo cha chati ya ratiba

Nilikinunua kiolezo hiki cha Excel miezi kadhaa iliyopita, na mpaka leo nikikifungua hasira hunipanda. Unaandika jina la kazi, tarehe ya kuanza na idadi ya siku, kisha uumbizaji wa masharti unapaka rangi seli za siku zinazohusika. Rangi zake zinapendeza, hilo silikatai. Kosa lake ni kwamba hakijui kuhesabu siku.

Nilikuwa nikisimamia uandaaji wa kitabu cha mafunzo chenye hatua sita zinazofuatana: kuhariri, kupanga kurasa, kuchora vielelezo, kusahihisha prufu, kuchapa na kujalidi. Kuhariri kulianza tarehe 4 na kulihitaji siku 3, yaani tarehe 4, 5 na 6, kwa hiyo kupanga kurasa nilikuandikia tarehe 7. Nilipoitazama chati, mstari wa kuhariri ulikuwa umepakwa rangi hadi tarehe 7, na chini yake kupanga kurasa kulikuwa kumeanza siku hiyohiyo. Mhariri wetu ndiye anayepanga kurasa pia, nami nikaamini kwamba nimempangia kazi mbili kwa siku moja. Nikaisogeza ya pili hadi tarehe 8. Ya tatu ikaonekana kugongana nayo, nikaisogeza siku mbili, ya nne siku tatu, na kufikia kuchapa nilikuwa nimepoteza siku 4, kujalidi siku 5. Mchapaji nilimpa tarehe hiyo mpya, naye akaigawa nafasi yetu kwa mteja mwingine. Kurasa zilikamilika mapema, zikakaa zikisubiri mtambo.

Kilichonifumbua macho ni kuhesabu seli zenye rangi kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Safu wima ya C ilisema 3, lakini seli zilikuwa 4, na kila mstari ulikuwa na ziada ileile ya seli moja. Kiolezo hakina safu wima ya tarehe ya kumaliza, kwa hiyo hapakuwa na namba yoyote ya kuisuta rangi. Nilifungua `Conditional Formatting`, kisha `Manage Rules`, nikaikuta kanuni yenyewe:

```
=AND(D$4>=$B5,D$4<=$B5+$C5)
```

Tarehe za juu ziko mstari wa 4, mwanzo wa kazi uko B na idadi ya siku iko C. Tarehe 4 ukiijumlisha na 3 unapata 7, ilhali siku ya kwanza ilikwisha kuhesabiwa. Palihitajika kupunguza 1 tu.

Nilimwandikia muuzaji kwa heshima, nikamwambatishia picha ya mstari ule. Alinijibu kwamba wateja wengine hawalalamiki na kwamba nijifunze kwanza kuingiza tarehe. Jibu hilo liliniuma kuliko hasara ya mtambo, kwa sababu tarehe zangu zilikuwa sahihi na yeye hakujisumbua kuhesabu seli nne.

Niliirekebisha mwenyewe. Hata hapo nilihangaika, kwani ukibonyeza kitufe cha mshale ndani ya kisanduku cha kanuni, Excel huchomeka anwani ya seli katikati ya fomula. Ni lazima ubonyeze F2 kwanza. Baada ya kuongeza `-1` mistari yote ilikaa sawa, na nakiri kwamba kwa muda nilikipenda kiolezo hiki kwa dhati: unabadilisha tarehe moja na rangi inahama papo hapo.

Kisha nikagundua kwamba siku ya kukabidhi kitabu, niliyoiandikia muda wa 0 kwa sababu ni tukio tu na si kazi, imetoweka kwenye chati. Fomula ya zamani ilikuwa ikiionyesha kwa seli moja. Huenda basi muuzaji aliiandika vile kwa ajili ya matukio kama hayo, na nikaanza kujiuliza kama nimemlaumu kupita kiasi. Lakini hapana: kanuni inayopatia kwenye 0 na kukosea kwenye kila kazi halisi haiwezi kuuzwa kama ratiba, hasa wakati zote mbili zinaweza kutimizwa pamoja:

```
=AND(D$4>=$B5,D$4<$B5+MAX($C5,1))
```

Hii ndiyo ninayoitumia sasa. Kazi ya siku 3 hupata seli 3, na tukio la 0 hupata seli moja. Nilimtumia muuzaji fomula hii bila kudai chochote. Hajajibu, na kiolezo anachoendelea kukiuza bado kina ile ya kwanza. Ukikinunua, andika kazi moja ya siku 3 na uhesabu seli kabla hujampa mtu yeyote tarehe.