Nimelipa elfu 60 kuandikiwa menyu ya samaki wa kuchoma: uzoefu wangu

Nina kibanda cha samaki wa kuchoma Kigamboni, si mbali na kivuko. Alfajiri navuka kwenda soko la samaki la Feri kununua, jioni nawasha jiko. Miaka mitatu ubao wangu ulikuwa na majina matupu na bei: changu, kibua, jodari, pweza. Waliokula kwangu ni wale wanaojua samaki. Wengine walisimama, wakasoma, wakauliza "Changu ndiyo yupi?" Mimi nimeshika koleo, moshi umenijaa machoni, najibu nusunusu. Mara naona mgongo unaelekea kwa muuza chipsi.

Ndipo nikamtafuta kijana mmoja anayeandikia watu matangazo na menyu. Jina silitaji, maana kazi yake ya kwanza ilinitia aibu na ya pili ndiyo inayoniingizia wateja hadi leo. Tulikubaliana shilingi 60,000, nusu nikatanguliza. Ndani yake kuna maelezo ya samaki wote wanne pamoja na ubao mweusi ulioandikwa kwa rangi nyeupe.

Siku mbili baadaye akanitumia maneno kwenye simu. Kibandani alikuwa hajakanyaga. La changu lilisomeka hivi: "Changu mtamu kuliko wote Dar es Salaam! Ameloweshwa viungo usiku kucha, amechomwa kwa kuni za mikoko, laini hadi anayeyuka mdomoni."

Nakiri nililipenda. Nikalichapisha kwenye karatasi na kulibandika ili tulijaribu kabla ya kupaka rangi. Jioni ileile bi mkubwa mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akalisoma kwa sauti hadi mwisho, akanigeukia. "Mwanangu, samaki anayeyeyuka si ameshaharibika huyo?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao huku nimeloa jasho.

Alikuwa na haki yake. Nyama ya changu aliye hai machoni, mwenye matamvua mekundu, huwa imekaza; akiiva inaachia kwa vipande vikubwa, unavivuta kwa vidole. Nyama inayopondeka kama uji ni ya samaki aliyekaa juani bila barafu. Kwa hiyo sifa niliyoilipia ilikuwa inamsema vibaya samaki wangu mzima.

Hayo ya usiku kucha nayo hayakuwa kweli, na yangekuwa kweli ningepata hasara. Viungo vyangu vina ndimu. Ndimu ikikaa saa nyingi kwenye samaki, nyama inapauka na kukakamaa kabla hata haijaona moto. Mimi namuweka nusu saa, basi. Na mikoko? Mkaa wangu ni wa gunia, wa kawaida kabisa, na mikoko ni msitu uliohifadhiwa. Yaani nilikuwa nimelipa nijishtaki mwenyewe ubaoni. Kuhusu "mtamu kuliko wote", hilo halina madhara, ila jirani yangu naye anaweza kuliandika kesho, na mteja atabaki hajui kama achague changu au kibua.

Nikampigia simu. Tulivutana kidogo, yeye akisema watu wanapenda maneno makubwa. Nikamwambia aje asimame jikoni jioni moja, asiposhawishika nammalizia hela yake yaishe. Akaja saa kumi, akakaa mpaka saa tatu usiku. Hapo ndipo nilipoona kwamba kijana kazi anaijua.

Aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa. Mbona unamchanja mpaka mfupani? Kwa sababu sehemu nene ya mgongo huiva mwisho. Usipomchanja, mkia unaungua mgongo ukiwa mbichi, na chumvi haifiki ndani. Mbona huyu moshi wake mwingi? Huyo ni kibua, ana mafuta, yakidondokea mkaani moshi unarudi juu na kumkolea. Akawa anaandika, anasogea, ananusa, akanyofoa ngozi ya changu akaitafuna karibu na sikio langu nisikie inavyolia. Kisha akasikiliza wateja wanauliza nini. Karibu wote walikuwa na maswali mawili: ana mifupa? Anachukua muda gani?

Maelezo ya changu yaliyopo sasa ubaoni ni haya: "Changu mzima. Amechanjwa mpaka mfupani, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, kisha mkaa wa taratibu. Ngozi kavu inayolia, nyama nyeupe inayoachia. Ana mifupa ya ubavuni. Dakika 25." Hakuna hata neno moja pale ambalo mteja hawezi kulihakiki kwa jicho au kwa kidole. Nilidhani kutaja mifupa kutafukuza watu. Kumbe mwenye mtoto anaagiza na kumnyofolea mapema, na asiyetaka mifupa anahamia kwa jodari bila kununa. Zile dakika 25 nazo zimenipunguzia "bado tu?" nyingi mno.

La kibua ndilo ninalolipenda kuliko yote: "Vibua wawili. Samaki wa mafuta, moshi wake unamrudia. Harufu yake nzito; aliyezoea hamuachi, asiyezoea aanze na changu." Awali kibua alikuwa anabaki mwisho wa usiku. Sasa wanakuja vijana wanasema, "Kaka, nipe wale moshi unawarudia."

Jodari alitupa kazi. Kijana alitaka kuandika "mnene na wenye majimaji", nikakataa, kwa sababu minofu ya jodari haina mafuta mengi, ukizubaa dakika mbili tatu inakuwa kama mbao. Tukaishia na "Mnofu wa jodari, hauna mfupa. Tunauwahi kabla haujakauka, unakuja na mchuzi wa ukwaju pembeni." Hiyo "tunauwahi" inanibana mimi mwenyewe, siku hizi nikiweka jodari sijibu simu.

Lawama yangu iliyobaki ni kwamba ubao wote aliupaka rangi ya kudumu, hadi "wa leo asubuhi" akaipaka. Samaki hawaendi hivyo. Kibua wengi huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, Feri wanakuwa wachache na bei inapanda. Kuna siku nauza wa jana aliyelala kwenye barafu, na si dhambi, ila si wa leo. Nililazimika kumrudisha afute, aache nafasi ya chaki kwa yanayobadilika: nani yupo, ukubwa, bei, wa leo au wa barafu. Namna anavyochomwa ndiyo imebaki kwenye rangi, kwa kuwa hiyo haibadiliki. Kama unamtafutia kibanda chako mtu wa kazi hii, hilo mwambie kabla hajachovya brashi, na hela ya mwisho usitoe kabla hajasimama jikoni kwako jioni nzima.

Kingine, rasimu yake ya pili ilikuwa na mistari mitano kwa kila samaki. Usiku, kwa taa moja, mtu amesimama hatua tatu, haisomi. Tulipunguza tukabaki na miwili mitatu.

Kwa elfu 60 nampa nyota nne. Ya tano ameikosa kwa pweza. Kaandika "amechemshwa kwanza akalainika, kisha mkaani", na kwa kawaida ni kweli, lakini pweza ana siku zake. Akigoma kulainika, natundika kitambaa cha kufutia mikono juu ya mstari wake mpaka kesho.