Nililipia wimbo, nikaletewa hesabu ya silabi

Nimekaa na hasira hii kitambo nikitumaini itapita yenyewe. Haijapita, kwa hiyo naiandika, na anayetaka kumlipa mtu amfasirie wimbo asome kabla hajatuma pesa.

Mama yangu alitolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, moja baada ya jingine. Alipoanza kuona vizuri aliomba ibada ndogo ya shukrani nyumbani, na akataka wimbo mmoja tu: Amazing Grace. Mama hajui Kiingereza. Ameupenda kwa sauti yake, miaka yote anaufuatisha huku midomo imefumba. Na ndani ya ubeti wa kwanza, jambo asilolijua, kuna mtu anayesema alikuwa kipofu na sasa anaona. Nilitaka siku ile ayasikie maneno hayo kwa Kiswahili, kwa sauti ileile aliyoizoea, bila noti hata moja kupindishwa.

Nikampata mfasiri aliyejitangaza kwamba anafasiri nyimbo “zinazoimbika”. Neno hilo ndilo lililonifungua mkoba. Shilingi 80,000 kwa beti tatu, nikalipa zote kabla ya kazi, na hapo najilaumu.

Kazi ikaja haraka mno. Mstari wa kwanza: “Ajabu hii neema”. Wa pili: “Imeniokoa”. Ukiisoma kwa macho huoni kosa. Silabi nane, kisha sita, sawasawa na Kiingereza, na hata maana ipo. Nikaipeleka kwa kwaya yetu, watu 12 wanaosoma solfa vizuri. Mstari wa kwanza haujaisha, besi wawili wakaacha kuimba na kunitazama.

Sauti ya wimbo huu inakwenda kwa mapigo matatu matatu, la kwanza ndilo zito. Huanza na noti moja nyepesi, kama mtu anayevuta mguu kabla ya kukanyaga, ndipo pigo zito linaangukia silabi ya pili. Kuanzia hapo uzito unakaa kwenye silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Kiingereza kinatulia humo bila shida kwa sababu kina maneno tele ya silabi moja, kwa hiyo mstari unaweza kuishia kwenye silabi nzito na kufunga mlango hapohapo. Kiswahili hakifungi hivyo. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: neEma, aJAbu, imenioKOa. Silabi ya mwisho kabisa huwa nyepesi, inateremka.

Sasa chukua “neema” uiweke mwisho wa mstari wa silabi nane. Pigo zito linapiga NE, linairuka E yenye mkazo, kisha linatua kwa kishindo juu ya MA na kukaa hapo mapigo mawili. Haikuwa neema tena, ilikuwa mtu anamwita mama yake ng'ambo ya mto. Na mstari wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mwisho wake sauti inapanda hadi soh ya juu na kukaa mapigo matano, ndicho kilele cha nusu ya kwanza ya wimbo. Pale juu alituwekea -A ya “imeniokoa”. Soprano wanne wakapanda kileleni na irabu tupu isiyo na mkazo, wakaining'iniza pale mapigo matano mazima. Niliwasimamisha. Nilikuwa nawaza mama atakavyokaa mbele yetu asikie hivyo.

Nikamrekodia mfasiri, nikamtumia kwa wasapu, na maelezo yote hayo kwa maandishi, kwa heshima, nikimwita “Mwalimu”. Jibu likaja baada ya dakika chache: “Dada, nimehesabu silabi, ziko sawa na Kiingereza. Kama kwaya yako haiwezi kuimba hilo si tatizo langu. Kiswahili kinaimbika popote.” Na rekodi yangu hakuwa ameisikiliza. Kile kipaza sauti kidogo hakikuwa kimegeuka bluu.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo bado ninayo. Mtu anauza wimbo halafu hasikilizi. Kuhesabu silabi anaweza hata mtoto wa darasa la nne. Nilimwandikia kwamba mizani bila mkazo ni kama kanzu iliyopimwa urefu bila mabega, kwamba nataka pesa yangu, na kwamba nitamtaja kwa kila mwalimu wa kwaya ninayemjua. Usiku ule kipaza sauti kikageuka bluu. Hakusema kitu.

Siku kadhaa baadaye ikaja tafsiri nyingine, bila salamu wala samahani:

Neema tamu kusikia,
Mnyonge nimepona;
Nilipotea, nina njia,
Kipofu, ninaona.

Nilikuwa jikoni. Niliisoma kwa sauti, nikaiimba, nikazima jiko. Ilikuwa imekaa. Ilikuwa imekaa kabisa, mpaka nikasahau kwamba nilikuwa namchukia.

Tazama alichofanya. Aliacha kulazimisha nane na sita, akaandika tisa na saba. Ile noti ndefu ya mwisho wa mstari ina mapigo mawili, kwa hiyo akaipasua: pigo la kwanza, lile zito, akalipa KI ya “kusikia”, na la pili, jepesi, akalipa A. Imba polepole: ne-E-ma-TA-mu-ku-si-KI-a. Kila mkazo wa lugha umekaa juu ya pigo zito, na silabi inayoteremka imepata mahali pa kuteremkia. Sauti ya wimbo haijabadilika, noti moja tu imezaa mbili palepale ilipokuwa. Kule kileleni kwenye soh ya juu sasa wanaimba PO ya “nimepona”. Sisi tuliigawa ile noti hivi: PO mapigo manne, NA la tano. Tulijaribu kwanza matatu kwa mawili, ikaharibika, kwa sababu pigo la nne ndilo zito la kipimo kinachofuata na NA ikaangukia juu yake.

Na vina vyake! Angeweza kuridhika na silabi ya mwisho pekee, kama tunavyofanya katika shairi la kusomwa. Lakini noti ndefu ikikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sikio linaishika hiyo kwanza, kwa hiyo kina cha silabi nyepesi peke yake kinasikika kichovu. Yeye kaoanisha zote mbili, -pona na -ona, na maana ikabaki kule kule alikoiweka John Newton, mtunzi wa maneno ya Kiingereza, yaliyochapwa mwaka 1779 kabla hayajaozeshwa kwa sauti hii tunayoijua leo. Kitu kimoja tu tulikifanyia mazoezi: ile M ya “mnyonge” ni silabi kamili na ina noti yake. Waimbaji huimeza. Unawaambia wafumbe midomo na kuivumisha hadi pigo zito lifike.

Basi nilikuwa nimeshaandika kichwani sifa zake zote. Ningeomba radhi hadharani. Kisha tukafika ubeti wa tatu.

Mstari wa kwanza wa ubeti ule unasema “Nilipoona ni hasara”. Safi, mkazo mahali pake. Mstari wa tatu: “Umenishika barabara”. Silabi tisa, kina -ara na -ara, mkazo kwenye SHI, na wa mwisho kwenye silabi ya nane kama inavyotakiwa. Nilipitisha bila kusita. Mama mmoja wa alto, mzaliwa wa Pangani, ndiye aliyeinua mkono. “Mwalimu, hapa tunamwambia Mungu ametushika, au tunaiambia barabara?”

Tukaimba tena na wote tukasikia. Mfasiri alitaka baRAbara, yaani sawasawa, imara. Neno hilo ni moja ya machache sana katika Kiswahili yanayokiuka mkazo wa kawaida, na mkazo peke yake ndio unaolitenga na baraBAra, njia ya magari. Sauti ya wimbo inapiga silabi ya nane, nayo ni BA. Kwa hiyo kwaya nzima ilikuwa inasema, waziwazi na kwa noti ndefu: umenishika, njia ya magari. Kwenye karatasi hakuna anayeweza kuliona, na kina ndicho kilichomvuta, maana -sara na -bara zimeandikwa kama mapacha.

Hasira yangu yote ikarudi. Safari hii hata sikumwandikia. Yule mama wa alto alisema palepale, “Si tuseme kila mara?” Umenishika kila mara. U-ME-ni-SHI-ka-KI-la-MA-ra. Kina kilekile, hesabu ileile, mkazo wote mahali pake. Hakulipwa hata senti.

Kwa hiyo ningesema msimlipe mtu huyu. Ila kuna jambo linanisumbua na lazima niliseme. Kwenye misiba yetu tunaimba “Kaa nami, ni usiku tena”, na mimi huwa nalia kwa wimbo ule. Nimeupima juzi kwa kipimo hikihiki. Noti ndefu ya mwisho imekaa juu ya NA ya “tena”, na MI ya “nami” iko kwenye pigo zito. Ni kosa lilelile nililomgombeza nalo. Vizazi vimeuimba na hakuna besi aliyewahi kuacha kuimba akanitazama. Labda kwa sababu unakwenda pole sana, hivyo mwimbaji anaweza kuegemea TE kidogo kisha akailaza NA bila kuipiga. Neema yetu isingeweza hilo, mapigo yake matatu yanabembea, na kila la kwanza linakanyaga upende usipende. Lakini labda pia nilikuwa mkali kupita kiasi kwa sababu ya lile neno “dada”.

Hapana. Alipaswa kusikiliza rekodi.

Siku ya shukrani mama alikaa kiti cha mbele, miwani myeusi ameiweka mapajani. Mstari wa kwanza alifuatisha huku midomo imefumba kama kawaida yake. Tulipofika “Kipofu, ninaona” alinyamaza. Tulipourudia ubeti, midomo ikafunguka, akaimba maneno, na ile O akaishika kuliko sisi wote, tukamsubiri mpaka alipoiteremsha mwenyewe.

Yule mfasiri nina namba yake bado. Mama ameshanitajia wimbo wa pili anaoutaka, na sijaamua.