Miezi minne na boda wa deliva: hela inarudi, shida ni ile "Imefikishwa"

Nauza sendo na viatu vya kike Kariakoo, oda nyingi ni za Insta. Zamani nilikuwa na madogo wangu wawili wa boda, huu ni mwezi wa nne tangu nihamie kwenye kampuni ya deliva yenye app (jina silitaji). Naipa nyota tatu.

Upande wa hela wako poa kiasi. Mteja akilipa keshi boda anapeleka kituoni jioni, kesho yake kampuni inaniingizia ikiwa imeshakata nauli. Tatizo wanatuma jumla moja tu bila mchanganuo, siku nimetoa mizigo sita unakaa unajiuliza nani kalipa nani hajalipa, kwa hiyo nina daftari: namba ya mzigo, kiasi, keshi au lipa namba. Na jamani msikubali mteja amtumie boda kwenye namba yake binafsi. Kijana akienda kutoa anakatwa, hesabu inapungua, mnaanza kugombana kwa elfu mbili. Mteja alipe kwenye lipa namba ya duka, meseji iingie kwenye simu YANGU ndo boda aachie mzigo, maana meseji ya kwenye simu ya mteja siku hizi mtu anaitengeneza mwenyewe.

Sasa ya kupotea. Nilituma pea tatu Mbagala, dada kanipigia zimefika mbili. App inasema "Imefikishwa" saa 9:40 alasiri, na ukweli mzigo aliupata saa 11, kumbe boda wengine wanabonyeza wakiwa bado njiani ili wasionekane wamechelewa. Nikamuwakia yule kijana, nikamwita mwizi kabisa. Nilipotulia nikafungua picha, app inalazimisha boda apige wakati wa kuchukua na wa kukabidhi. Ya dukani mfuko una selotepu ya kaki na saini yangu ya maka juu yake, ya Mbagala ina selotepu nyeupe haina saini. Halafu kwenye historia ya mzigo ulikaa kituoni zaidi ya saa mbili. Mfuko ulipasukia huko wakafunga upya, pea moja ikaingia kwenye mzigo wa mtu wa Tegeta!

Nikawatumia picha zote mbili na muda, sikuwaandikia "mmeniibia". Siku ya tisa wakanirudishia elfu 25 ya ile pea, nauli hawakurudisha, na bila ile saini sidhani kama wangenisikiliza. Mteja nilishampelekea nyingine siku ya pili kwa gharama yangu, huwezi kumsubirisha.

Yule boda nilimpigia nikamwomba radhi. Akasema "poa tu bosi, tumezoea", nikajisikia vibaya zaidi. Sasa hivi naandika na idadi juu ya mfuko, "PEA 3", mteja anahesabu boda akiwa bado hapo.