Nani anamaliza bando: ukurasa wa ruta au OpenWrt?
Ruta nyingi za laini, zile unazozifungua kwa 192.168.8.1, zinaonyesha jumla ya mwezi tu. Kwa tahadhari ni nzuri: unaandika ukubwa wa bando, tarehe ya kuanza na asilimia ya kuonywa, tuseme 80. Haigharimu chochote. Lakini ukiambiwa GB 32 kati ya 40 zimekwisha, hujui nani kazila.

OpenWrt, mfumo huria unaowekwa kwenye ruta badala ya ule wa kiwandani, ikiwa na programu ya `nlbwmon` inagawa hesabu kwa kila kifaa. Nyumbani kwangu televisheni ilikuwa na GB 21, simu nne kwa pamoja GB 6. Nilishusha ubora wa video siku hiyo hiyo. Ila inahitaji kushughulikiwa zaidi. Hesabu hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, hivyo umeme ukikatika hupotea, mpaka uzihamishie kwenye hifadhi ya kudumu. Simu inayobadilisha anwani ya MAC, namba inayoitambulisha kwenye mtandao, huonekana kama vifaa viwili. Onyo nalo unaliandikia skripti mwenyewe.

Unayeishi peke yako na simu moja, ukurasa wa ruta unakutosha. Mnaochangia bando wapangaji watano, mtahitaji majina.