Miezi minne na huduma yenye sanduku la nyaraka na kumbukumbu: uzoefu wangu

Kilichonisukuma kuandika haya ni namba mbili, 45 na 38. Zote zinahusu bolti za kifuniko cha pampu, na moja kati yake nusura iingie kwenye mwongozo niliokuwa naufasiri ilhali wakati wake ulishapita.

Kazi yangu ni kufasiri miongozo ya mafundi. Huduma ninayoitumia inaendeshwa na modeli ya lugha, na ina njia mbili za kuitunzia modeli hiyo maarifa. Ya kwanza ni sanduku la nyaraka: unapakia mafaili yako, na kila unapouliza jambo yanatafutwa humo. Ya pili ni kumbukumbu, ambayo hujijaza yenyewe kutokana na mazungumzo yaliyopita. Tangazo lao linazichanganya mbili hizi kana kwamba ni kitu kimoja kinachoitwa “kuijua kazi yako”. Mimi nimezilipia zote mbili kwa pamoja, na leo nikiambiwa nichague moja sitasita.

Nianze na sanduku. Nilipakia mwongozo wa kurasa 340. Faili hilo halisomwi lote kila mara. Hukatwakatwa vipande, kila kimoja aya chache tu, na kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba zinazowakilisha maana yake. Swali lako nalo hugeuzwa vivyo hivyo, kisha vipande vilivyo karibu nalo kimaana ndivyo vinavyowekwa mbele ya modeli. Huduma hii huleta vipande 6, na huvionyesha chini ya jibu pamoja na namba ya ukurasa. Hapo ndipo ninapoipa maksi nyingi, kwa sababu naweza kufungua ukurasa na kusoma maneno yenyewe ya mwandishi.

Udhaifu wake niliuona nilipotaka kujua onyo la kumwaga maji kabla ya kufungua pampu limerudiwa mara ngapi. Jibu likasema mara 6. Nikafungua PDF, nikatafuta kwa mkono, nikahesabu 19. Ukikumbuka kuwa modeli iliwekewa vipande 6 tu, kosa lenyewe linajieleza. Kwa swali la “iko wapi” sanduku ni zuri sana. Kwa swali la “ziko ngapi kwa jumla” siliamini kabisa.

Kumbukumbu ni habari nyingine. Mazungumzo yakiisha, modeli huandika vijisentensi kuhusu yale iliyoona yanafaa kukumbukwa, na vijisentensi hivyo hutangulizwa kwenye kila mazungumzo mapya. Ukifungua mipangilio utavikuta vimepangwa kama orodha. Baadhi vimenifaa sana: kimoja kinasema napendelea “kifuniko” badala ya “mfuniko”, kingine kwamba amri kwa fundi ziandikwe kwa wingi, “kazeni” na si “kaza”. Mambo hayo hayamo kwenye faili lolote, na nimeshapumzika kuyarudia kila asubuhi. Vingine vinachekesha. Niliwahi kufasiri kijitabu cha gitaa, na tangu siku hiyo imeandikwa kwamba mtumiaji anajifunza gitaa.

Mwanzoni gitaa lilinichekesha tu. Baadaye ndipo nilipotambua kuwa lilikuwa dalili.

Mwezi wa pili, nikiwa nafanya kazi na toleo la 2 la mwongozo wa pampu, nilieleza katika mazungumzo kwamba kwa toleo hilo, lenye gasketi ya karatasi, bolti za kifuniko zikazwe kwa nyutoni-mita 45, na kwamba tuandike hivyo kote. Wiki saba baadaye mteja akaleta toleo la 3. Gasketi ilikuwa imebadilishwa kuwa ya mpira, na nguvu ya kukaza ikashuka hadi 38. Nikaliondoa faili la zamani kwenye sanduku, nikapakia jipya, nikaendelea na kazi. Nilipohitaji namba ya bolti, jibu likaja 45, bila kusita.

Nililishtukia kwa jambo dogo: chini ya jibu hapakuwa na kipande hata kimoja. Maana yake sanduku halikuguswa. Katika huduma hii modeli ndiyo inayoamua kama itafute au isitafute, na ikiona inalo jibu tayari mbele yake huacha kutafuta. Sasa hilo jibu lilitoka wapi, wakati faili lenye 45 nilishaliondoa? Nikalipeleka swali lilelile, neno kwa neno, kwenye mazungumzo ya muda, yale yasiyotumia kumbukumbu. Likaja 38, ukurasa wa 112, na jedwali nikaliona kwa macho yangu. Kisha nikafanya kinyume chake, nikazima sanduku na kuacha kumbukumbu. Likaja 45. Hapo sikuwa na shaka tena.

Nilipofungua orodha nikakuta kijisentensi hiki: “Mtumiaji hukaza bolti za kifuniko cha pampu kwa nyutoni-mita 45.” Mimi, ambaye spana naijua kwa picha! Lakini angalia kilichopotea. Toleo limepotea, gasketi ya karatasi imepotea, na namba ya mtambo mmoja wa wakati fulani imegeuzwa kuwa tabia yangu ya kudumu. Ni jambo lilelile lililotokea kwa gitaa.

Hii ndiyo tofauti ambayo ningependa ningeambiwa siku ya kwanza. Ndani ya modeli yenyewe hakuna kinachobadilika kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Zote huishia kuwa maandishi yanayobandikwa mbele yake kabla haijajibu. Ila maandishi ya sanduku yameandikwa na mtunzi wa mwongozo, pamoja na masharti yake, na ukibadilisha faili nayo yanabadilika. Maandishi ya kumbukumbu ni muhtasari wa maongezi, umeandikwa na modeli, na kwenye muhtasari masharti ndiyo hutangulia kudondoka. Tena hakuna kinachoufunga muhtasari huo na faili. Nilibadilisha mwongozo mzima na kijisentensi hakikujua.

Kukifuta nako kulinipotezea muda. Nilifuta yale mazungumzo ya mwezi wa pili nikidhani nimemaliza, kumbe kijisentensi kinakaa mahali pake na hufutwa peke yake kwenye mipangilio. Hilo watengenezaji walipaswa kulisema wazi kwenye kitufe chenyewe cha kufuta.

Siku hizi namba haziingii kwenye kumbukumbu yangu kabisa. Humo nimebakiza mapendeleo ya lugha, na nimeongeza sentensi moja niliyoiandika mwenyewe: kipimo chochote kitafutwe kwanza kwenye nyaraka na kitajwe pamoja na ukurasa. Mara nyingi inafuatwa. Isipofuatwa naijua haraka, kwa sababu chini ya jibu panakuwa patupu, na jibu la namba lisilo na ukurasa silipeleki kwa mteja.

Sanduku nalipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa lile suala la kuhesabu. Kumbukumbu naipa 3, na ingepata zaidi kama kila kijisentensi kingeonyesha tarehe na mazungumzo kilikotoka. Orodha yangu ilikuwa na vijisentensi 31, sasa vimebaki 12. Cha gitaa nimekiacha, maana hakijamkazia mtu bolti.