TAHADHARI: Jamaa wa Telegramu anayeuza "mfumo wa kubeti usiochana mkeka"

Wakuu, kuna jamaa anauza faili la Eksel kwa shilingi 50,000. Anadai mfumo wake umepimwa kwa misimu kumi ya Ligi Kuu ya England na hakuna msimu uliokosa faida. Rafiki yangu alilinunua, tukalikagua pamoja. Msitume hela.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: mpe ushindi mwenyeji aliye nne bora. Sasa tazama tarehe 8 Agosti 2015, siku ya kwanza ya msimu. Leicester walikuwa nyumbani, wakaifunga Sunderland 4-2. Wamo kwenye mkeka wake. Chelsea, mabingwa watetezi, nao walikuwa nyumbani, wakatoka 2-2 na Swansea. Hawamo! Nani siku ile angewaweka Leicester nne bora akawaacha Chelsea? Leicester walikuwa wametoka kumaliza wa 14, na odi ya wao kubeba ubingwa ilikuwa 5000 kwa 1. Jamaa amechukua msimamo wa Mei 2016, Leicester wa kwanza na Chelsea wa 10, akachagulia nao mechi za Agosti. Ukipima kwa haki, kila mechi unaipa msimamo wa asubuhi ya siku yake tu, na raundi ya kwanza hata msimamo haina.

Njoo kwenye odi. Kazitoa safu ya `BbMxH`, iliyomo kwenye faili za bure za football-data.co.uk za misimu ile. Hiyo ni odi kubwa kuliko zote kati ya kampuni nyingi, leo ya huyu, kesho ya yule. Wewe una akaunti mbili tatu za hapa nyumbani. Tuseme umebeti mechi 100 kwa shilingi 1,000 kila moja, ukapatia 50. Kwa odi ya 2.10 unarudishiwa 105,000, faida 5,000. Kwa 1.95 ya kampuni yako unarudishiwa 97,500, yaani umekula hasara 2,500 kabla hata ya kodi. Na umepatia mechi zilezile.

Halafu kuna masharti ya ajabu: usibeti Desemba, ruka odi za 1.44 hadi 1.52. Kwa nini 1.52 na si 1.55? Hana sababu ya kimpira. Ametazama mikeka ilichanika wapi, akapafuta. Kanuni ya namna hiyo hupimwa kwa misimu ambayo haikutumika kuitunga, bila kugusa sharti hata moja. Rafiki yangu aliomba matokeo ya namna hiyo kwenye grupu, akatolewa dakika ileile.

Grupu limebadilishwa jina, na sasa linauza faili la ligi ya Italia. Akikufuata, muulize odi ya kila mstari ni ya kampuni gani na ilichukuliwa saa ngapi.